Mradi wa Mvua Darasa la Tano: Barua kwa Wazazi Kuhusu Chupa, Daftari na Sifuri

Wazazi na walezi wa Darasa la Tano,

Salaam, na shikamooni kwa mnaostahili.

Tangu tulipoachana kwenye kikao cha Ijumaa simu yangu haijatulia. Mzazi mmoja wa Pasua ameuliza mchango wa mradi ni shilingi ngapi. Mwingine ameuliza watoto watauza nini na faida itakwenda wapi. Babu mmoja wa Uru, anayelea wajukuu wawili hapa shuleni, hakuzunguka: "Mwalimu, mnawafundisha au mnawafugisha kuku?" Kosa ni letu. Tulitangaza "muhula wa miradi" tukaendelea kuongea kana kwamba neno lina maana moja tu, wakati hapa Moshi ukisema una mradi, watu wanaelewa kuku wa mayai, bodaboda au banda la chipsi.

Mradi tunaousema ni swali. Ni swali moja ambalo jibu lake halimo kitabuni wala kichwani mwangu, na halijibiki kwa siku moja. Watoto watalifanyia kazi kwa wiki 10, wakitumia hesabu, sayansi, jiografia na Kiswahili wanachofundishwa. Muhula huu swali ni hili: paa la darasa letu linaweza kutupa maji kiasi gani masika haya, na mvua ikikatika maji hayo yatamwagilia bustani ya shule kwa siku ngapi?

Tofauti yake na homuweki mliyoizoea ni hii. Homuweki ya kawaida ni kama kumtuma mtoto dukani: lete sukari kilo moja, rudisha chenji. Akirudi unajua papo hapo kama amepatia au amekosea. Mradi ni kama kumwambia, "Jumapili tuna wageni 6, shilingi 20,000 hii hapa, panga chakula." Atalazimika kuuliza bei, kukadiria mchele, kugundua katikati ya njia kwamba amesahau mafuta, na kurudi kupanga upya. Kutumwa dukani bado kupo. Majedwali ya kuzidisha na mazoezi ya sehemu yataendelea kuja nyumbani Jumanne na Alhamisi, na mitihani ya katikati na mwisho wa muhula iko palepale. Mradi unachukua vipindi 4 tu kwa wiki. Tumeanza na Darasa la Tano kwa sababu halina upimaji wa taifa mwaka huu, kwa hiyo tuna nafasi ya kujifunza pamoja nao bila presha.

Sasa niingie kwenye kazi yenyewe, maana humo ndimo nyumbani mtakapohusika.

Kupima mvua kunaanza na jambo linalowachanganya hata watu wazima. Mkisikia mvua imenyesha milimita 14, hiyo ni kimo cha maji. Chukulia sinia kubwa lenye ukingo uliosimama wima, liwekwe uwanjani, maji yasivuje, yasinywewe na ardhi wala kukaushwa na jua. Mvua ikiisha, rula ukiisimamisha ndani itaonyesha milimita 14. Ukiweka sufuria pana yenye kuta zilizosimama wima, na kando yake kikombe chembamba chenye kuta zilizosimama vilevile, vyote vitaonyesha kimo kilekile. Sufuria imepokea maji mengi zaidi, lakini imeyatandaza mahali papana zaidi. Mwaka jana, tulipojaribu kazi hii na watoto 12 tu, wazazi wawili walileta ndoo badala ya chupa ili mtoto "apate nyingi". Hapati nyingi. Na ndoo zetu nyingi ni pana juu na nyembamba chini, kwa hiyo hata hicho kimo kinatoka cha uongo.

Kifaa chetu ni chupa ya maji ya lita moja na nusu, ile isiyo na mikunjo ubavuni. Nitaikata mwenyewe darasani, pale bega linapoishia na ubavu unapoanza kwenda wima. Kipande cha juu tunakigeuza na kukichomeka ndani, mdomo ukiangalia chini, kiwe faneli. Faneli hiyo inazuia majani, na inazuia jua lisikaushe maji haraka. Kitako cha chupa kina mabonde na vilima, hakipimiki. Kwa hiyo tunatia kokoto chache, tunamimina maji mpaka yapite kokoto na yafike pale ubavu uliponyooka, kisha tunachora mstari kwa maka peni. Mstari huo ndio sifuri. Rula inabandikwa kwa selotepu kuanzia hapo kwenda juu.

Ubaya wa sifuri ya maji ni kwamba inakauka. Siku 3 bila mvua, maji yatashuka chini ya mstari, na mvua itakayofuata itaanza kwa kuziba pengo hilo kabla ya kuhesabika. Mtoto atasoma milimita 6 wakati mvua ilikuwa 9. Ndiyo maana kila asubuhi, baada ya kusoma na kuandika, anarudisha maji mstarini: yakizidi anamwaga, yakipungua anaongeza. Hata kama haikunyesha. Kumkumbusha hilo tu ni msaada mkubwa kuliko mzazi anavyodhani.

Watoto watakuja na vipima vyao nyumbani Ijumaa ya wiki ya pili, na hapo ndipo namhitaji mtu mzima. Kipima kinatakiwa mahali pa wazi. Kanuni tunayotumia ni kuwa mbali na kitu mara mbili ya kimo cha kitu hicho: nyumba ya mita 3, kaa mita 6. Kiinuliwe kidogo juu ya tofali mbili hivi, matone yanayoruka kutoka ardhini yasiingie, na kishikizwe ndani ya ndoo au kopo la mchanga kisije kikaangushwa na upepo au kuku. Najua wenzangu wa Majengo mnacheka mkisoma mita 6. Uwanja wa kupanga vyumba 8 hauna mita 6 za wazi, na ukizipata kuna kamba ya nguo juu yake. Mtoto asiyepata nafasi ataungana na jirani, au atasoma kipima cha shule, na ataandika hivyo kwenye daftari. Kwa wa Uru na Kibosho shida ni nyingine: migomba. Jani la mgomba linaweza kuziba chupa isipate kitu, au likaielekezea maji yote kama bomba. Tafuteni upenyo kihambani, au wekeni uwanjani mbele ya nyumba.

Kusoma ni saa 1 asubuhi kila siku, Jumamosi na Jumapili zikiwemo. Anapiga magoti mpaka macho yawe usawa wa maji, maana akisoma akiwa amesimama atakosea. Ukingoni maji hupanda kidogo kwenye plastiki. Asome pale katikati yalipotulia. Kisha anaandika tarehe, namba, na neno moja au mawili ya alichokiona: "usiku, radi", "manyunyu", "kuku amekunywa". Kazi nzima haizidi dakika 10.

Hapo kwenye kuandika ndipo kuna jambo ambalo nimeona nilieleze kwa kirefu, kwa sababu mwaka jana ndilo lililotusumbua kuliko yote. Kwa Mtanzania aliyesoma shule, sifuri ni aibu. Mtoto akipeleka daftari lenye 0, 0, 0, 0, mzazi anaingiwa na wasiwasi, na mtoto mwenyewe anaona amefeli. Kwenye kazi hii sifuri ni kipimo kamili. Inasema: nilikwenda, nilitazama, hakukuwa na kitu. Nafasi tupu inasema jambo lingine kabisa: sikwenda. Hatuwezi kuzitumia kwa namna moja. Mtoto akisahau siku moja, asibuni namba. Aache wazi, na kesho yake aandike "jumla ya siku 2". Hapotezi maksi kwa kusahau siku moja. Kwa namba ya kubuni anazipoteza.

Na namba za kubuni hujulikana. Mtoto anayepima kweli hupata 7, 13, 2, 0, 21. Anayebuni usiku wa kuamkia kukusanya daftari hupata 10, 15, 20, 5, 10, kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, karatasi safi kama ya dukani. Daftari lililoshikwa kila asubuhi wakati wa masika lina wino uliotawanyika na alama ya kidole chenye tope. Tafadhali msilinakili upya ili lipendeze. Nitapokea lenye tope.

Mwaka jana, siku moja baada ya mvua ya usiku, watoto walioishi jirani na shule walileta 13, 14 na 15. Wa Uru alileta 26. Wa Pasua alileta 6. Darasa likaanza kubishana nani mwongo, na hakuna aliyekuwa mwongo: ukipanda kuelekea mlimani mvua huongezeka, na ndiyo sababu maji ya mifereji yetu ya mfongo yanashuka kutoka huko kuja huku. Lakini mwanafunzi mmoja wa Kiboriloni alikuwa na 14 iliyoandikwa juu ya karatasi iliyofutwa kwa raba mpaka ikakonda. Nikaigeuza kwenye mwanga, chini yake kulikuwa na 85.

Nilimpigia baba yake. Akacheka, akakiri. Alisema aliona kwenye kundi la wazazi wenzake wanaandika 14, akajua mwanawe amekosea, akamsahihishia asije akaaibika. Jioni nikapita pale nyumbani. Kipima kilikuwa kimewekwa vizuri, kimeshikizwa kwa matofali, kimesimama wima, ila kilikuwa chini kabisa ya ukingo wa bati. Kila tone lililoangukia upande ule wa paa lilikuwa linateremka kwenye migongo ya bati na kudondokea kwenye mstari ule mmoja. 85 ilikuwa imesomwa sawasawa. Haikuwa mvua ya angani tu. Ilikuwa mvua ya angani pamoja na mchango wa paa.

Tazameni sasa kilichotaka kupotea kwa raba. Swali letu zima ni kiasi gani cha maji paa hukusanya, na mtoto huyu alikuwa amelipima bila kukusudia. Tungeipata ile 85 asubuhi ile, tungeanza hesabu za paa wiki mbili mapema. Nikamwomba baba yake amruhusu mtoto arudishe namba yake, aandike pembeni "chini ya bati", na ahamishe kipima. Siku ya kuwasilisha aliulizwa maswali mengi kuliko wenzake wote.

Ndiyo maana naomba hivi: mtoto akileta namba ya ajabu, msiisahihishe. Muulizeni alisoma saa ngapi, chupa ilikuwa wapi, macho yalikuwa usawa gani, jana alirudisha maji mstarini? Hata mzazi ambaye hakusoma sayansi anaweza kuuliza hayo. Bibi anaweza. Dada wa nyumbani anaweza. Usipojua jibu, sema hujui, na mwambie aliandike swali nyuma ya daftari aje nalo. Na yule babu yangu wa Uru, ambaye anajua masika ya miaka mingi kuliko rula yangu, namwomba awasimulie wajukuu mvua zilivyokuwa zamani na mfongo wa kwao uligawanywaje kwa zamu. Wakimuuliza "zilikuwa milimita ngapi, babu?", awasamehe.

Kuanzia wiki ya nane hesabu za paa zitakuja nyumbani, na najua ndizo zitakazowakalisha mezani. Zinategemea jambo moja: milimita 1 ya mvua ikianguka juu ya mita moja ya mraba ni lita 1 kamili. Kama hamniamini, zidisheni: sentimita 100 kwa 100 kwa sehemu moja ya kumi ya sentimita, mnapata sentimita za ujazo 1,000, ambazo ni lita moja. Mtoto akilishika hilo, yaliyobaki ni kuzidisha.

Paa la darasa letu linafunika mita 9 kwa 7, yaani mita za mraba 63. Tunapima kivuli chake chini, tunafuata ukingo kwa ukingo, hatupimi urefu wa bati lililoinama. Watoto wengi hukimbilia kupima bati lenyewe, wakapata eneo kubwa kuliko lililopo. Mvua inashuka kutoka juu. Paa likiinama halipokei zaidi ya eneo linaloliziba chini yake. Basi mvua ya milimita 14 inatupa 63 mara 14, lita 882.

Hizo ni za kwenye karatasi. Kwenye bati, maji mengine hulowesha na kukauka, mengine huruka nje ya gata, na ya mwanzo kabisa tunayaachia yapite kwa sababu yamebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Tunakata moja ya tano. Zinabaki kama lita 700, ndoo 35 za lita 20. Bustani ina matuta 6, kila tuta ndoo 2 kwa siku, jumla ndoo 12. Ndoo 35 zinatosha siku 2 na ya tatu kasoro ndoo moja.

Mtoto akifika hapo atasema amemaliza. Hajamaliza, na hapa ndipo unaweza kumchokoza kidogo ukiwa unapika. Muulize: ikinyesha milimita 30 usiku mmoja, je? Atazidisha, atakata moja ya tano, atapata lita 1,512. Kisha muulize tanki la shule linabeba ngapi. Linabeba 1,000. Mwache hapo. Usimwambie kwamba maji yatafurika, wala usimwambie kama tununue tanki la pili au tuchimbe shimo au tuongeze matuta. Hiyo ndiyo sehemu ambayo kila kundi litakuja na pendekezo lake, na nataka yatofautiane.

Kuhusu maksi, kwa sababu nimeulizwa. Mradi una maksi 50: daftari la vipimo 20, hesabu za paa 15, na 15 za kueleza kwa mdomo na kujibu maswali siku ya kuwasilisha, wiki ya kumi. Watoto watafanya kazi katika makundi ya wanne, lakini kila mmoja ana daftari lake na kila mmoja ataulizwa peke yake. Kwa hiyo hofu kwamba mmoja atafanya na watatu watakula jasho lake, nimeisikia, na maswali ya mdomo yatatuonyesha. Yatatuonyesha pia nani alifanyiwa na kaka yake wa sekondari.

Kuhusu fedha: hakuna mchango. Sihitaji karatasi za manila, wala kazi iliyochapwa steshenari, wala picha za rangi. Mwaka jana mzazi alileta kipima kilichotengenezwa na fundi wa kioo, kizuri mno, na mtoto hakuweza kueleza sifuri yake iko wapi.

Na mvua isiponyesha? Inawezekana, masika huchelewa. Tukipata wiki 3 za sifuri, tutaziandika sifuri zote, na hesabu za paa tutafanya kwa vipimo vya watoto 12 wa mwaka jana, ambavyo ninavyo. Bustani itakuwa kavu na swali litakuwa gumu zaidi.

Ninachohitaji kwa sasa ni kidogo. Chupa ziletwe Jumatano: lita moja na nusu, ubavu laini, hata kama zimetumika, mradi zimeoshwa. Mwenye kokoto ndogo alete mkono mmoja. Mzazi mwenye ngazi ndefu anitafute, gata la upande wa mashariki limejaa majani na sijui kama bado lina mteremko. Visu vibaki nyumbani.

Mwalimu wa Darasa la Tano